Jalada la Noti na Jalada la Karatasi

Ukipandisha video YouTube bila kuchagua picha ya jalada, mtandao hukuchagulia wenyewe. Huichambua video, huchomoa fremu tatu, na moja kati ya hizo ndiyo itakayokutangulia kila mahali: kwenye simu ya mtu aliye kwenye treni, kwenye runinga ya sebuleni, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Fremu hizo haziujui ujumbe wako. Ya kwangu ya kwanza ilinionyesha nikiwa nimefumba jicho moja, mdomo wazi, mkono ukipita mbele ya shingo kama ninayefukuza nzi.

Kwa video ya sikukuu ya mtoto, hilo ni la kucheka tu. Lakini kuna video ambazo kutobofywa kwake kuna gharama. Yangu ilikuwa ya namna hiyo. Binti ya binamu yangu huko Kilifi, muuguzi mwenye stashahada kama niliyoanza nayo mimi, alikuwa ameombwa na wakala mmoja shilingi 180,000 za "kufungua faili" ili aje kufanya kazi Uingereza. Nusu ya pesa hizo alikuwa nazo tayari, na nusu nyingine mama yake alikuwa anatafuta mnunuzi wa ng'ombe. Na hakuwa peke yake. Kila mwezi napokea ujumbe wa sauti wa aina hiyo kutoka kwa watu niliosoma nao au wadogo zao.

Kwa hiyo nilirekodi video ya dakika tisa, sebuleni kwangu hapa Kenton, kueleza nani hulipa nini. Muuguzi ana gharama zake halali: mtihani wa Kiingereza, mitihani na usajili wa NMC, ambalo ndilo baraza linalosajili wauguzi hapa. Lakini sheria ya Uingereza inakataza wakala kumtoza mtu pesa ili amtafutie kazi, na mwongozo wa serikali wa kuajiri wahudumu wa afya kutoka nje unasema vivyo hivyo. Kisha, kuanzia dakika ya 6 na sekunde 10, naonyesha jinsi ya kuhakiki: orodha ya mawakala waliokubaliwa inayotolewa na NHS Employers, na daftari la waajiri wenye leseni ya kudhamini viza kwenye tovuti ya serikali, GOV.UK. Unaandika jina la kampuni, unaona lipo au halipo. Sehemu hiyo ndiyo moyo wa video. Mtu akiondoka kabla ya hapo, ameondoka na maneno tu, hana kifaa.

Majalada mawili

Shemeji yangu wa Mombasa ndiye hunihaririia video. Anapiga picha za harusi na anajua kazi yake. Siku ya kuchagua jalada alinitumia moja lililojaa noti za pauni zilizotandazwa kama karata, uso wangu pembeni, na maneno makubwa ya manjano: NESI UK, PESA NGAPI? Mimi nilikuwa na langu: nimeshika karatasi nyeupe yenye maneno matatu, USIMLIPE WAKALA KWANZA, basi.

"Shemeji," akaniambia kwenye simu, "watu hawabofyi nasaha. Wanabofya pesa."

"Huenda ni kweli, shem," nikamjibu. "Basi tuyapime yote mawili, tusibishane."

Kupima kwenyewe ndiko ninakotaka kueleza hapa, kwa sababu wengi wetu tulio nje tuna chaneli ndogo za mapishi, za lugha kwa watoto, za ushauri wa masomo na viza, na ukurasa wa takwimu unaweza kukuambia jambo lisilo kweli ukiusoma haraka.

Kwanza, jalada lenyewe liwe la kusomeka. Kipimo ni upana wa nukta 1280 kwa kimo cha 720, lakini hakuna atakayeliona kwa ukubwa huo. Kwenye simu linakuwa dogo kama kidole gumba viwili. Mimi hulifungua kwenye simu, nikaliweka mezani na kusimama hatua mbili nyuma. Nisichokisoma nikiwa nimesimama, nakifuta. Maneno matatu au manne yanatosha. Kona ya chini kulia usiweke kitu, maana hapo YouTube hubandika kisanduku cheusi cha urefu wa video, na neno lako la mwisho litafunikwa.

Pili, usitegemee kupata fremu nzuri kutoka katikati ya mazungumzo. Mtu anayeongea, fremu zake nyingi zina midomo iliyopinda na mikono yenye ukungu. Nikimaliza kurekodi, hubaki palepale kwa sekunde tano: nashika karatasi, naangalia kamera, mdomo umefungwa, sitingishiki. Fremu ya sekunde hizo tano ndiyo jalada. Wakati wa baridi hapa giza huingia saa kumi jioni, kwa hiyo nikitoka zamu ya usiku hurekodi kabla ya kulala, nikiwa nimeelekea dirisha. Mwanga wa dirisha mbele ya uso unashinda taa yoyote niliyonunua. Na navaa nguo za nyumbani. Sare ya kazi haiingii kwenye jalada langu, wala kitambulisho, wala chochote cha wodini. Kanuni za NMC zinatutaka tutumie mitandao kwa uwajibikaji, na picha ya jalada husambaa hata kwa watu ambao hawatafungua video.

Tatu, kabla ya takwimu yoyote, kuna jaribio lisilogharimu hata senti. Muonyeshe mtu jalada kwa sekunde mbili, lifunike, umuulize: "Video hii inahusu nini?" Kenton ni mahali pazuri kwa jaribio hilo, kwa sababu mtaa huu umejaa familia za Kihindi zilizotoka Kenya na Uganda miaka ya sitini na sabini, na wazee wao bado wanazungumza Kiswahili. Katika duka moja la Kenton Road kuna mama mzaliwa wa Kisumu ambaye huniuzia bizari na kunisahihishia methali. Nilimwonyesha jalada la noti.

"Hii ya mkopo, sivyo?" akauliza.

Nikamwonyesha la karatasi.

"Hapa unamkataza mtu kutoa pesa. Vizuri. Lakini wakala gani, wa nyumba?"

Kwa maswali hayo mawili nilipata kazi ya jioni moja. Jalada la noti lilisomeka kama tangazo la mikopo. La karatasi lilieleweka nusu, kwa sababu neno wakala, kwa mtu anayeishi London, ni wa nyumba kabla ya kuwa wa kazi. Nikaongeza neno NESI juu ya karatasi, na picha ndogo ya pasipoti mkononi. Shemeji naye akabadilisha rangi za lake. Hapo ndipo tukaenda kwenye namba.

Namba inasema nini hasa

Kwenye `YouTube Studio`, ukifungua video kisha `Analytics`, halafu `Reach`, utaona namba iitwayo `Impressions click-through rate`. Kwa Kiswahili chepesi: kati ya kila mara mia moja jalada lako lilipoonekana, lilibofywa mara ngapi. Jalada huhesabiwa limeonekana iwapo angalau nusu yake ilikuwa kwenye skrini kwa zaidi ya sekunde moja. Mtu akilipitisha kwa kidole kwa kasi, halihesabiwi.

YouTube wenyewe wanasema nusu ya chaneli na video zote zina kiwango kati ya asilimia 2 na 10. Watu husoma hivyo na kuanza kujilinganisha. Lakini namba hiyo hushuka na kupanda hata usipogusa jalada. Video yangu ilikuwa na jalada moja kwa wiki mbili za mwanzo. Siku tatu za kwanza kiwango kilikuwa asilimia 8.9. Mwisho wa wiki ya pili kilikuwa asilimia 2.8. Picha ileile, maneno yaleyale. Kilichobadilika ni watu walioonyeshwa. Siku za kwanza YouTube huwaonyesha waliojiandikisha kwenye chaneli, watu wanaonijua na wangenibofya hata nikiwa nimefumba macho yote mawili. Baadaye huwajaribu wageni, na mgeni hana sababu ya kunibofya.

Ndiyo maana mtu anayebadilisha jalada siku ya nne, akaona namba imeshuka, akalilaumu jalada jipya, anailaumu saa kwa kuwa jua limetua. Vilevile anayebadilisha jalada siku ileile video yake ilipopendekezwa kando ya video kubwa ya mtu mwingine, akaona maonyesho yameongezeka mara kumi na asilimia imeanguka, hajui kilichosababisha nini.

Tulisubiri basi wiki mbili za mwanzo zipite, mpaka kila siku ilipoanza kufanana na nyingine. Wiki ya tatu tukaweka jalada la noti, Jumatatu hadi Jumapili. Wiki ya nne tukaweka la karatasi, Jumatatu hadi Jumapili. Wiki nzima ni muhimu, kwa sababu Jumapili jioni watu wa Nairobi na wa London wote wako kwenye simu, na Jumanne asubuhi hakuna mtu. Jina la video hatukuligusa. Ukibadilisha jina na jalada kwa pamoja, hutajua ni lipi lililofanya kazi.

Kisha nikachuja. Kwenye takwimu hizo unaweza kuchagua tarehe, na unaweza kuchagua chanzo cha watazamaji. Nilichukua `Browse features` pekee, yaani watu waliokutana na jalada kwenye ukurasa wa mwanzo bila kulitafuta. Anayetafuta kwa maneno "nesi Uingereza" tayari ana nia, na jalada humshawishi kidogo tu. Anayepita njia ndiye anayelipima jalada.

Haya ndiyo niliyoyapata. Jalada la noti lilionyeshwa mara 2,050, likabofywa mara 152. Hiyo ni asilimia 7.4. La karatasi lilionyeshwa mara 1,980, likabofywa mara 103, yaani asilimia 5.2.

Shemeji alinitumia vikaragosi vya kucheza ngoma, mistari mitatu.

Je, tofauti hiyo ni ya kweli?

Swali la kwanza la kujiuliza ni kama tofauti hiyo si bahati tu. Ukirusha shilingi mara kumi, ukapata vichwa saba, hujagundua lolote kuhusu shilingi hiyo. Mibofyo nayo iko hivyo.

Kuna njia ya haraka ambayo nilijifunza kwenye somo la utafiti nilipokuwa nachukua shahada, na inatosha kwa kazi ya nyumbani. Chukua idadi ya mibofyo, tafuta kipeuo chake cha pili, kizidishe mara mbili. Hicho ndicho kiasi ambacho bahati peke yake inaweza kuisukuma namba juu au chini. Kwa mibofyo 152, kipeuo cha pili ni kama 12, mara mbili ni kama 25, hivyo namba halisi iko mahali fulani kati ya 127 na 177. Kwa mibofyo 103, kipeuo ni kama 10, mara mbili ni 20, hivyo iko kati ya 83 na 123. Maonyesho yalikaribiana, 2,050 na 1,980, kwa hiyo naweza kulinganisha moja kwa moja. Masafa hayo mawili hayagusani. Tofauti ni ya kweli: noti zilibofywa zaidi.

Angalia sasa ingekuwaje kama tungeamua siku ya pili tu, wakati noti zilikuwa na mibofyo 19 na baadaye karatasi, kwa siku mbili kama hizo, ilikuwa na 16. Kwa 19, bahati inaweza kuleta chochote kati ya kama 10 na 28. Kwa 16, kati ya 8 na 24. Masafa yanalaliana karibu yote. Hapo hakuna mshindi, na anayetangaza mshindi anajitangazia bahati. Chaneli ndogo inahitaji subira kwa sababu hiyo tu: mibofyo chini ya mia kwa kila jalada haikwambii mengi, isipokuwa tofauti iwe kubwa kupita kiasi.

Kwa hiyo shemeji alikuwa sahihi. Watu wanabofya pesa. Lakini swali letu halikuwa hilo peke yake.

Waliobofya walifika wapi?

Palepale kwenye takwimu, kwa tarehe zilezile na chanzo kilekile, kuna wastani wa muda ambao mtu alitazama. Waliokuja kwa jalada la noti walitazama kwa wastani wa dakika 1 na sekunde 50. Waliokuja kwa jalada la karatasi walitazama dakika 4 na sekunde 40.

Zidisha. Watu 152 mara sekunde 110 ni takriban dakika 279. Watu 103 mara sekunde 280 ni takriban dakika 481. Jalada lililobofywa kidogo lilileta karibu mara mbili ya muda wa kutazama, kwa maonyesho karibu sawa.

Sababu si ya siri. Aliyebofya noti alitaka kusikia mshahara. Kwenye dakika ya kwanza nasema kwamba leo hatuzungumzii mshahara bali gharama na mawakala, na hapo akaondoka, na haki yake. Ukiahidi biriani mlangoni kisha ukapakua uji, uji hata uwe mtamu vipi, mgeni atasimama. Aliyebofya karatasi alikuja kusikia habari za mawakala, akakaa.

Kisha nikaenda kwenye mchoro wa kubaki, ule mstari unaoshuka kutoka kushoto kwenda kulia ukionyesha ni asilimia ngapi ya watazamaji bado wapo kila sekunde. Niliweka kidole kwenye dakika ya 6 na sekunde 10, pale ninapofungua orodha ya mawakala. Wiki ya noti, watu 11 kati ya 100 walikuwa bado wapo. Wiki ya karatasi, 34 kati ya 100. Kwa watu halisi: 17 kwa noti, 35 kwa karatasi.

Hiyo ndiyo namba niliyomtumia shemeji. Mibofyo 49 ya ziada ilitupunguzia watu 18 mahali pekee palipokuwa na faida. Kila video ina sekunde yake kama hiyo. Kwenye mapishi ni pale unapoonyesha unene wa unga kabla ya kuusukuma chapati. Kwenye somo la Kiswahili kwa watoto ni pale mtoto anapotakiwa kurudia neno. Itafute sekunde hiyo kwanza, uiandike, ndipo upime majalada kwa idadi ya watu waliofika pale.

Shemeji hakukubali papo hapo. "Labda wiki ya nne ilikuwa na watu wazuri zaidi," alisema, na hoja yake ilikuwa na uzito. Kupima wiki moja baada ya nyingine kuna kasoro hiyo: wiki hazifanani. Kunaweza kuwa na sikukuu, tangazo jipya la viza, au mtu mashuhuri amezungumza. Kwa hiyo tukatumia chombo cha YouTube chenyewe, kilichoitwa `Test & compare` kilipofunguliwa kwa chaneli nyingi mwaka 2024. Hupatikana ukiingia kwa kompyuta, na chaneli inatakiwa iwe imethibitishwa hadi ngazi ya vipengele vya juu. Unaweka majalada mawili au matatu, na YouTube huyagawa kwa watazamaji kwa wakati mmoja: huyu anaona noti, yule anaona karatasi, siku hiyohiyo. Jaribio linaweza kuchukua hadi wiki mbili, na kwa video yenye watazamaji wachache huenda likaisha bila kusema lolote la uhakika.

Jambo ambalo wengi hawalioni ni kwamba chombo hicho hakimtangazi mshindi kwa mibofyo. Kinagawa muda wa kutazama. Kwetu, baada ya siku kumi na nne, karatasi ilipata asilimia 62 ya muda huo, na noti asilimia 38. Haikuwa mbali na tulichopata kwa mkono. Shemeji akaandika: "Sawa mama, weka karatasi." Tangu siku hiyo yeye ndiye huniuliza kwanza, kabla hajafungua kompyuta, video hii sekunde yake ni ipi.

Watu ambao hawaonekani kwenye asilimia

Kuna jambo moja zaidi, na kwa familia zilizotawanyika kama zetu lina uzito kuliko mengine. Asilimia ya mibofyo huhesabu majalada yaliyoonekana ndani ya YouTube tu. Mtu aliyebofya kiungo kwenye WhatsApp hayumo. Aliyefungua kwa arifa ya simu hayumo. Aliyebofya picha ya mwishoni mwa video nyingine hayumo. Wale wa WhatsApp utawakuta kwenye vyanzo vya watazamaji, chini ya `External`, wamehesabiwa kama watazamaji lakini si kama mibofyo ya jalada.

Kwenye video hii, karibu theluthi ya watazamaji wote walitoka huko. Yaani ningekuwa naangalia asilimia peke yake, theluthi ya watu wangu wangekuwa nje ya mlango wangu na nisijue.

Na WhatsApp ina tabia zake. Mara nyingine huonyesha jalada zima, mara nyingine hukata mraba wa katikati tu, kwa hiyo kitu cha maana kisikae kwenye ukingo wa kushoto wala wa kulia. Tena, picha inayotokea kwenye ujumbe huchukuliwa wakati wa kutuma. Ukibadilisha jalada kesho, ujumbe wa jana utabaki na jalada la jana, na utaendelea kusambazwa na picha ile ya zamani kutoka kundi hadi kundi. Ndiyo maana video ya ushauri siitumi kwenye makundi mpaka jalada liwe limetulia.

Binti wa Kilifi aliiona hivyo. Mama yake alitumiwa na dada wa kanisani, akaona karatasi yenye neno WAKALA, akamwita binti yake jikoni. Waliangalia pamoja hadi mwisho, kisha wakalitafuta jina la kampuni kwenye orodha. Halikuwepo. Ng'ombe hakuuzwa. Kwenye takwimu zangu watu hao wawili ni mtazamaji mmoja wa `External`, simu moja, na hawakuongeza hata nukta moja kwenye ile asilimia.

Sekunde tatu za mwanzo

Siku hizi jalada si picha tu. Ukisimamisha kidole kwenye ukurasa wa mwanzo wa simu, video huanza kucheza yenyewe, mara nyingi bila sauti. Kwenye kompyuta, ukipitisha mshale juu ya picha, hutokea hivyohivyo. Kwa hiyo sekunde za mwanzo ni jalada la pili. Kama jalada lako linaonyesha karatasi na sekunde ya kwanza inaonyesha nembo ya chaneli inayozunguka, aliyekuwa anakaribia kubofya anapita. Nilikata salamu zote za mwanzo. Sasa naanza na karatasi ileile mkononi, na maneno yanayotokea chini ya skrini, ili asiyesikia sauti asome.

Kwa video fupi za wima, zile za `Shorts`, uchaguzi ni finyu zaidi: jalada ni fremu iliyomo ndani ya video, na huchaguliwa kwenye simu wakati wa kupandisha. Huwezi kuleta picha ya nje kama kwenye video ndefu. Kwa hiyo zile sekunde tano za kutulia na karatasi zirekodiwe ndani ya video yenyewe, la sivyo hutakuwa na fremu ya kuchagua. Na kumbuka kwamba wengi wanaoziona video hizo wanateleza kutoka moja hadi nyingine bila kuona jalada kabisa. Jalada lao hufanya kazi kwenye ukurasa wa chaneli na kwenye utafutaji tu, kwa hiyo usipoteze jioni nzima hapo.

Kwenye daftari langu, kila video ina mstari mmoja: tarehe jalada lilipowekwa, chanzo nilichochuja, limeonyeshwa mara ngapi, limebofywa mara ngapi, na watu wangapi walifika kwenye sekunde ile niliyoiandika kabla. Asilimia siiandiki. Inaweza kukokotolewa wakati wowote kutoka kwenye namba mbili za katikati, lakini ile namba ya mwisho usipoichukua kwa tarehe zake, baadaye ni vigumu kuitenganisha na za wiki nyingine.